Makochi ya laki nane na nusu, au ya milioni moja na nusu? Tuhesabu pamoja

Malipo ya korosho yakishaanza kuingia kwenye akaunti, kazi yangu hubadilika. Badala ya kuulizwa habari za ubwiriunga na dawa, naanza kuletewa karatasi. "Bwana shamba, hebu nisomee hii, wanasema nilipe kianzio tu, makochi yanakuja." Karatasi hizo ni mikataba ya kununua fenicha kwa awamu, na kwa sababu watu wananijua natembea na kikokotoo cha kupimia dawa na ekari, wananiomba nipigie hesabu na hiyo.

Leo nataka nikuonyeshe hesabu moja tu mpaka mwisho wake. Ni ya mama mmoja wa kata yetu ya Ziwani, mkulima wa korosho na ufuta ambaye pia hukaanga samaki jioni. Ameniruhusu niitumie kwa sharti kwamba nisimtaje yeye wala duka. Ukiielewa hii, mkataba wowote utakaowekewa mezani utaweza kuusoma mwenyewe.

Alichoambiwa na alicholipa

Ilikuwa Januari. Malipo ya mwisho ya korosho yalikuwa yameingia, na wakwe walikuwa wanatarajiwa mwezi wa pili kuleta posa ya binti yake. Nyumba ilikuwa na mikeka na viti vya plastiki. Haja yake ilikuwa ya kweli, na sitaki mtu aseme alitamani anasa. Kupokea wakwe ni jambo zito, wewe mwenyewe unajua.

Alikwenda Mtwara mjini, akaona seti ya makochi yenye meza yake. Mwenye duka akamwambia: "Mama, taslimu ni laki tisa, kwa awamu ni milioni moja na laki mbili. Unatoa kianzio laki tatu na sitini, unabaki na elfu themanini na nne kwa mwezi, miezi kumi tu." Mama akatazama mkoba wake. Laki tisa hakuwa nazo. Laki tatu na sitini alikuwa nazo. Akasaini.

Kabla ya kwenda mbele, angalia neno "tu" lilivyokaa pale. Elfu themanini na nne tu. Duka linataka macho yako yabaki kwenye rejesho la mwezi, kwa sababu hilo ndilo dogo. Wewe macho yako yaweke kwenye jumla. Sasa tuikusanye.

Kianzio ni 360,000. Siku hiyo hiyo alilipa fomu ya mkataba 15,000. Picha mbili na kopi za kitambulisho, chake na cha mdhamini, zikala 5,000. Kwa hiyo siku ya kwanza zilitoka 380,000, si 360,000. Kisha kila mwezi alituma 84,000 kwa simu, na makato ya kutuma yalikuwa kama 2,000. Kwa hiyo rejesho lake la kweli lilikuwa 86,000. Mara kumi ni 860,000. Ukijumlisha na zile za siku ya kwanza, unapata 1,240,000.

Usafiri sikuuhesabu, kwa sababu kirikuu cha kutoka mjini mpaka Ziwani angekilipa hata kama angenunua taslimu. Hii ni kanuni ya kwanza ya kulinganisha bei: gharama inayofanana pande zote mbili iache nje, hesabu zile zinazotofautiana.

Bei ya taslimu si ile uliyoambiwa kwanza

Watu wengi wakifika hapa hutoa 900,000 kwenye 1,240,000 na kusema tofauti ni 340,000. Hiyo si sahihi, kwa sababu kwa taslimu watu huongea. Mimi nilimwuliza mtu mwingine aliyenunua seti ya aina ile ile duka lile lile. Alitoa pesa mkononi, akakaa na mwenye duka robo saa, akaondoka nayo kwa 850,000. Mteja wa awamu haongei bei. Akishasikia kwamba anaruhusiwa kulipa kidogo kidogo, anaona amesaidiwa, na mtu aliyesaidiwa huona aibu kuomba apunguziwe.

Kwa hiyo bei ya kulinganisha nayo ni 850,000. Tofauti ni 390,000.

Ndiyo maana nakwambia: ukiingia dukani, usiseme kwamba unataka awamu. Uliza kwanza bei ya taslimu, ongea mpaka mwisho, uiandike kwenye karatasi. Baada ya hapo ndipo uulize na awamu ikoje. Ukianza na awamu, ile bei ya taslimu utakayotajiwa itakuwa imeshapandishwa ili tofauti ionekane ndogo.

Alikopa kiasi gani hasa?

Hapa ndipo penye siri ya biashara yote, na naomba uende nami taratibu.

Seti ilikuwa ya 850,000. Siku ya kwanza mama alitoa 380,000 mfukoni mwake. Ina maana duka lilimkopesha 470,000 peke yake. Si milioni, si laki nane na nusu. Laki nne na sabini.

Na kwa hizo 470,000 akarudisha 860,000. Nyongeza ni ile ile 390,000. Ukiiweka juu ya bei ya makochi, inaonekana si mbaya sana, chini ya nusu. Lakini haikutozwa juu ya makochi, ilitozwa juu ya mkopo. Kwa kila 100 aliyokopa, alirudisha 183.

Tena alikuwa anapunguza deni kila mwezi. Mwezi wa tano hakuwa tena anadaiwa zile 470,000 za mwanzo, ila rejesho lilibaki 86,000 palepale. Nikipiga hesabu ya riba juu ya deni linalobaki, inatoka karibu asilimia 13 kwa mwezi. Wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu tunawaogopa kwa jina lao. Mkataba wa makochi hauitwi hivyo, una picha ya sebule nzuri juu yake, lakini hesabu iliyomo ndani ni ya ukoo mmoja.

Linganisha na kikundi. Tuseme yuko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kinachotoza asilimia 5 kwa mwezi kwa deni lililobaki, na kimempa 470,000 alipe 47,000 za msingi kila mwezi kwa miezi kumi. Mwezi wa kwanza riba ni 23,500, wa pili 21,150, inashuka hivyo hivyo mpaka mwezi wa kumi ni 2,350. Riba yote pamoja ni 129,250. Asilimia 5 kwa mwezi nayo si rahisi, lakini angekwenda dukani na taslimu, akaongea bei, na akabaki na zaidi ya laki mbili na nusu ambazo sasa ziko kwa mwenye duka. Tena riba ya kikundi hurudi kwa wanachama siku ya kugawana, naye akiwa mmoja wao.

Kodi ya kukaa kwenye kochi

Nina njia nyingine ya kuieleza hesabu hii, na ndiyo inayowaingia watu haraka.

Tuseme mama angezirudisha nyumbani zile 380,000 na kuziweka mahali salama. Kisha kila mwezi, badala ya kutuma 86,000 dukani, angeziweka hapo hapo. Baada ya miezi sita angekuwa na 896,000. Angekwenda kununua seti kwa 850,000 na chenji ya 46,000 ingebaki. Na miezi minne iliyobaki, ile ambayo kwenye mkataba bado alikuwa analipa, angekuwa huru. Mara nne 86,000 ni 344,000. Ukijumlisha na chenji ni 390,000, tofauti yetu ile ile.

Kwa hiyo alichonunua kwa 390,000 ni miezi sita ya kukaa kwenye makochi mapema. Gawanya: ni 65,000 kwa mwezi. Kama kuna mtu angekuja na kirikuu akasema, "Mama, nakukodisha makochi, 65,000 kwa mwezi, miezi sita, kisha nayachukua, utatafuta ya kwako," ungekubali? Kijijini kwetu chumba chenye mlango na bati hakifiki bei hiyo. Lakini mkataba wa awamu ndio kodi hiyo hiyo, imeandikwa kwa namna nyingine.

Mama alipoiona hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akanijibu jibu ambalo sikuweza kulipuuza. "Mwanangu, hizo 86,000 za kuweka ningeziweka wapi? Duka likinidai natafuta. Nafsi yangu ikinidai, naiambia mpaka kesho." Ni kweli. Fedha iliyo mkononi huisha, atakuja mgonjwa, atakuja mwanafunzi. Nitarudi kwenye hilo chini, kwa sababu lina dawa yake. Lakini kwanza tumalize gharama, maana bado hazijaisha.

Mwezi wa mwenye duka na mwezi wa mkulima

Duka linadai kila mwezi. Mkorosho hauzai kila mwezi. Hapa ndipo mkulima anaumia kuliko mtumishi mwenye mshahara, hata kama wamesaini karatasi moja.

Ipange kalenda yetu. Korosho tunaokota kuanzia Oktoba, tunapeleka chama cha msingi, zinakwenda mnadani, fedha zinaingia benki kati ya Oktoba na Januari. Februari mpaka Aprili ni mvua na palizi, mkono unatoa hauingizi. Mwezi wa tano na wa sita una mpunga au mahindi kidogo, na ufuta unaanza. Halafu kuanzia mwezi wa sita mikorosho inachanua, na hapo ndipo tunapulizia salfa dhidi ya ubwiriunga. Hata dawa ikija kwa ruzuku, bado kuna petroli ya mashine, kukodi mashine yenyewe, na kibarua wa kuibeba. Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo shamba linadai kuliko miezi yote, na ndiyo miezi ambayo mfuko umekauka.

Mama alilipa Februari na Machi kwa salio la korosho. Aprili na Mei alilipa kwa samaki. Juni akalipa kwa ufuta. Julai akakwama. Mkataba ulisema akichelewa anatozwa faini, na akichelewa miezi miwili makochi yanachukuliwa. Posa ilikuwa imeshafika, harusi inakuja. Hebu fikiri gari linasimama mbele ya nyumba, makochi yanatolewa na watoto wa jirani wanaangalia.

Akaenda kwa mtu wa kangomba.

Sihitaji kukueleza kangomba ni nini. Unapewa fedha leo, korosho atazichukua msimu ukifika, kwa bei yake na kwa bakuli lake. Ni kinyume cha utaratibu na serikali inaikataza, lakini inafanyika usiku na mchana. Mama alipewa 86,000 Julai na 86,000 nyingine Agosti, kwa makubaliano ya shilingi 1,000 kwa kilo. Oktoba akatoa kilo 172. Majirani zake waliopeleka korosho chama cha msingi msimu ule walibaki na kama 2,500 kwa kilo baada ya makato. Kilo 172 zingempa 430,000. Yeye alishapokea 172,000. Zilizopotea ni 258,000, na hapo nimehesabu kwamba bakuli lilipima sawasawa, jambo ambalo wewe na mimi tunajua si kawaida.

Jumlisha. 1,240,000 za mkataba na 258,000 za kangomba ni 1,498,000. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya makochi ya laki nane na nusu. Risiti za duka hazionyeshi hiyo ya pili hata kidogo. Mwenye duka hana habari nayo, na ukimwuliza atakwambia mama ni mteja mzuri, alilipa kila mwezi bila kuchelewa.

Kwa hiyo kila ninapoletewa mkataba, swali langu la kwanza halihusu riba. Nauliza: "Rejesho la Julai litatoka wapi? La Agosti?" Mtu akisema "Mungu atajalia", namwambia Mungu amekwishamjalia akili na kalenda. Kama Julai haina jibu leo ukiwa na utulivu, haitakuwa na jibu Julai ukiwa na shida.

Makochi ni ya nani mpaka hapo?

Jambo jingine ambalo watu hulipita wakisaini. Katika mikataba mingi ya namna hii, mali inabaki kuwa ya duka mpaka rejesho la mwisho. Wewe unaitumia tu. Ukishindwa, inarudi, na uliyolipa hayarudi.

Tazama maana yake kwenye kesi yetu. Mama alipolipa rejesho la sita, mwezi wa saba, alikuwa ameshatoa 380,000 za mwanzo na 516,000 za miezi sita. Jumla 896,000. Amepita bei ya taslimu na chenji juu. Lakini kama Agosti na Septemba angekosa, duka lingeweza kuja kuchukua seti nzima, na angebaki na mikeka yake. Yaani angelipa makochi yote na asiwe nayo.

Kwa hiyo kwenye mkataba tafuta sentensi inayosema ukichelewa itakuwaje. Kama haipo, omba iandikwe. Unataka ijibu mambo matatu. Unapewa siku ngapi kabla ya kuchukuliwa? Faini ni kiasi gani, na je, ina kikomo au inaongezeka kila wiki? Na wakiyachukua na kuyauza, kinachozidi deni lako kinarudi kwako? Mwenye duka mwema atakubali kuandika. Akikwambia "hayo hayatatokea, mama, tunaaminiana", basi aandike, kwa kuwa hayatatokea.

Na kila rejesho lidai risiti, au angalau hifadhi ujumbe wa simu. Usiufute. Nimeona watu wawili wakidaiwa mwezi walioulipa, mmoja akaokolewa na ujumbe, mwingine alikuwa ameuza simu.

Pindua kochi kabla ya kulikalia

Bei haina maana kama kitu hakifiki mwisho wa mkataba. Baadhi ya seti za awamu zimetengenezwa kwa ajili ya kupendeza siku ya kuuzwa. Huku kwetu pwani zinapata maadui wawili zaidi, chumvi ya bahari na mchwa.

Ukiwa dukani, shika kona moja ya kochi uiinue. Kama pembe nyingine inabaki chini na fremu inajipinda, viungo ni vya misumari mitupu. Lipindue uone chini. Kitambaa cha chini kikiwa kimefungwa chote, omba kifunguliwe kidogo: unatafuta mbao nzima yenye unene, na usione vipande vya maboksi ya mizigo. Ukiona vitundu vidogo na unga laini kama wa muhogo, wadudu wameshahamia. Bonyeza sponji kwa ngumi mpaka ulisikie ubao. Ukiachia na likarudi polepole au likabaki na shimo, halitamaliza mwaka. Pini za kitambaa zikiwa tayari na kutu dukani, kwako Ziwani hazitakaa.

Makochi ya mama yalianza kulegea sponji mwezi wa nane. Alikuwa bado anayalipia.

Kudunduliza kwa mbao

Sasa turudi kwenye swali lake: hizo fedha ningeziweka wapi? Kwa mtu wa kijijini, jibu ninalolipenda si benki wala kibubu. Ni mbao.

Korosho ikilipa, usinunue kochi, nunua mbao za kochi. Nenda na fundi seremala unayemwamini, akutajie vipande vinavyohitajika, ununue mninga au mbao nyingine ngumu kwa muuzaji mwenye kibali na risiti za Wakala wa Huduma za Misitu, ili usije ukakamatwa nazo njiani. Zipange ndani au chini ya paa, juu ya matofali zisiguse ardhi, na kati ya tabaka moja na jingine weka vijiti ili hewa ipite. Usizianike juani, zitapasuka. Zikae miezi kadhaa.

Faida ni mbili. Kwanza, ubao huwezi kuumega ukanunua vocha. Fedha imefungwa, na ukipata msiba mkubwa kweli, mbao zinauzika. Pili, mbao mbichi ikitengenezwa kochi hukauka ikiwa ndani ya kochi, hujikunja na viungo huachia. Ile miezi ya kusubiri inakuwa sehemu ya kazi. Ufuta ukilipa, mlipe fundi ufundi wa fremu. Msimu unaofuata nunua sponji na kitambaa. Usimpe fundi fedha yote mkononi hata siku moja. Mlipe kwa hatua iliyokamilika, ukaione kwa macho. Mafundi ni ndugu zetu, lakini fundi aliyeshalipwa yote huanza na kazi ya yule ambaye hajalipa.

"Na wakwe je?" Wakwe wanakuja Februari, hawasubiri mbao zikauke. Kwa hilo mama mwenyewe alinipa jibu baadaye. Kwa zile 380,000 za siku ya kwanza angeweza kununua taslimu kiti kirefu kimoja cha watu watatu na viti viwili vya mbao, akaazima meza kwa dada yake. Wakwe wangekaa, posa ingepokelewa, na Julai isingekuwa na deni.

Wakati awamu inapofaa

Sisemi kila awamu ni mbaya. Kipimo changu ni kimoja: je, kitu hicho kitaingiza fedha kabla rejesho halijafika?

Chukua mama ntilie wa kituo cha bodaboda. Anataka meza mbili na mabenchi manne. Taslimu 240,000, kwa awamu ya miezi mitano 300,000 kila kitu ndani. Nyongeza ni 60,000. Leo wateja wake wanakula wamesimama na wengine wanaondoka. Akiamini kwamba viti vitamwongezea faida ya 2,000 kwa siku, ndani ya siku 30 za kazi nyongeza yote imerudi, na kipato chake ni cha kila siku, kwa hiyo rejesho la kila mwezi halimvizii. Huyo asaini, baada ya kusoma sentensi ya kuchelewa. Vivyo hivyo rafu za duka au kabati la vioo la muuza vitambaa. Kochi la sebuleni halimlipi mtu.

Karatasi ya kwenda nayo dukani

Chukua daftari, chora mistari, jaza hivi:

1. Bei ya taslimu ya mwisho baada ya kuongea.
2. Kila kinachotoka siku ya kwanza: kianzio, fomu, picha, kopi.
3. Namba 1 utoe namba 2. Huo ndio mkopo wako wa kweli.
4. Rejesho la mwezi pamoja na makato ya kutuma, mara idadi ya miezi.
5. Namba 4 utoe namba 3. Hiyo ndiyo nyongeza unayolipa.
6. Namba 3 ugawe kwa rejesho la mwezi pamoja na makato ya kutuma, na kipande cha mwezi kikibaki ukihesabu kama mwezi mzima. Hiyo ni miezi ambayo ungesubiri kama ungeweka mwenyewe.
7. Namba 5 ugawe kwa namba 6. Hiyo ndiyo kodi yako ya kila mwezi kwa kukaa mapema.

Chini yake andika majina ya miezi yote ya mkataba, na mbele ya kila mwezi andika fedha itatoka wapi. Mwezi wowote utakaobaki mtupu, au utakaoandika "korosho" wakati korosho bado ni maua, ndio utakaokupeleka kwa mtu wa kangomba.

Mwenye mkataba mkononi asiyejaza mistari hii vizuri aje nao ofisi ya kata siku za Jumanne, kabla ya kusaini. Baada ya kusaini naweza kukusomea tu.